Nyusi Zinapolemea Macho

Mwenye nyusi zilizoshuka huulizwa maswali asiyo na majibu yake. Umekasirika? Hukulala? Unaumwa? Naye amelala vizuri na hana ugomvi na mtu. Kinachowasemesha watu ni unyusi ulioteremka kutoka juu ya mfupa wa jicho na kuisukuma ngozi laini ya kope, hasa upande wa nje, mpaka jicho likaonekana dogo, zito na lenye huzuni. Akifika kwa daktari bingwa wa macho au wa upasuaji rekebishi, mara nyingi hata hautaji unyusi. Anashika ngozi iliyolala juu ya kope na kusema: "Daktari, nikatie hii."

Ombi hilo huenda likawa sahihi, na huenda likamwacha mwenyewe akionekana amekasirika kuliko alivyokuja. Mambo matatu hufanana sana kwa mtu asiyezoea kuyatazama. Ngozi ya kope ya juu inaweza kuwa imelegea na kuzidi. Msuli unaoinua kope yenyewe unaweza kuwa umechoka, hivyo ukingo wa kope ukashuka na kuifunika mboni. Au unyusi wenyewe umeshuka na kuja na ngozi yake. Uzee hupenda kuyaleta yote matatu pamoja, kila moja kwa kiasi chake, na kazi ya kwanza ya daktari ni kujua lipi limebeba mzigo mkubwa. Kukata ngozi ya kope ilhali kilichoshuka ni unyusi ni sawa na kupunguza pindo la pazia wakati fimbo yake ndiyo iliyoteremka.

Unyusi huinuliwa na msuli mmoja tu, ule mpana wa paji la uso unaotukunja ngozi tunaposhangaa. Wanaouvuta chini ni wengi: misuli midogo iliyo kati ya nyusi mbili, ile inayotukunjia sura tunapokasirika, na msuli wa duara unaolizunguka jicho na kulifumba. Isitoshe, msuli wa paji haufiki mpaka mwisho wa unyusi. Unaishia karibu na mstari wa mfupa unaotenganisha paji na panja, na kuuacha mkia wa unyusi bila mtu wa kuuinua. Ndiyo maana mkia hushuka kwanza, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na unyusi ulio juu upande wa pua na ulioanguka upande wa sikio.

Macho yanapolemewa, mwili haukai kimya. Paji la uso hufanya kazi kutwa nzima kuziinua nyusi ili njia ya kuona ibaki wazi. Mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Anachojua ni kwamba ana mikunjo mirefu ya kulala kwenye paji, na jioni kichwa kimemchoka. Sasa mtu huyu akikatwa ngozi ya kope peke yake, ule mzigo uliokuwa ukiliamsha paji unaondoka. Paji linapumzika, na nyusi zilizokuwa zimeshikiliwa kwa nguvu zinashuka mahali pake halisi. Ngozi inarudi kukunjana juu ya jicho, safari hii ikiwa ni ngozi nzito ya chini ya unyusi. Akirudi kukatwa tena, daktari anakuta hakuna akiba. Kati ya ukingo wa chini wa unyusi na mstari wa nywele za kope zinahitajika takriban milimita 20 za ngozi ili jicho lifumbe vizuri. Ukila akiba hiyo, halafu siku moja ukauinua unyusi, jicho linalala nusu wazi na kukauka.

Kwa hiyo uchunguzi mzuri huanza kwa kulituliza paji. Tumchukue mama wa kufikirika, mwalimu mstaafu wa miaka 58, anayelalamika kwamba akivuka barabara haoni vizuri magari yanayokuja kwa pembeni. Daktari anamkalisha wima, anamwambia: "Mama, fumba macho taratibu, usiyabane, upumzishe uso." Anasubiri kidogo mpaka mikunjo ya paji ilainike, anaweka kiganja juu ya paji ili lisinyanyuke, kisha anamwomba ayafumbue macho polepole. Hapo unyusi unaonekana ulipo kweli. Kwa wanawake wengi unyusi hukaa milimita kadhaa juu ya ukingo wa mfupa wa tundu la jicho, ukipinda kidogo kuelekea nje. Kwa wanaume hukaa karibu sawa na ukingo huo na huwa umenyooka. Mkia wa unyusi wa mama huyu, upande wa kulia, umelala milimita 4 chini ya ukingo wa mfupa. Upande wa kushoto ni milimita 2.

Kisha daktari anauinua mkia kwa kidole mpaka juu kidogo ya mfupa na kutazama kope. Ile ngozi iliyokuwa imelala juu ya nywele za kope, nyingi yake imeondoka. Imebaki kidogo tu ya kuzidi. Ukingo wa kope yenyewe uko mahali pake na hauifuniki mboni. Basi kwa mama huyu tatizo kubwa ni unyusi, la pili ni ngozi ya kope, na msuli wa kope hauna kosa. Malalamiko yake ya kutoona pembeni hupimwa kwa mashine ya upeo wa kuona mara mbili, kwanza akiwa alivyo, halafu nyusi zikiwa zimenyanyuliwa kwa plasta. Tofauti kati ya vipimo viwili huonyesha kama upasuaji utamsaidia kuona au utamsaidia sura tu. Yote mawili ni sababu halali, lakini ni vizuri ijulikane ni ipi.

Niseme hapa jambo moja ambalo halihusu urembo. Kope au unyusi ulioanguka ghafla, wa upande mmoja, ukiambatana na kuona vitu viwiliviwili, maumivu makali ya kichwa, mdomo kupinda au mkono kukosa nguvu, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Na kope inayokuwa nzuri asubuhi kisha ikaanguka kadiri siku inavyoendelea inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa misuli ambao hautibiwi kwa kukata kope.

Tumrudie mwalimu wetu. Anataka kujua atakatwa wapi, na hilo ndilo swali lenyewe, kwa sababu njia zote za kuinua unyusi zinatofautiana kwa mahali zinapoliacha kovu. Mwaka 1919 daktari Mfaransa Raymond Passot alieleza namna ya kuinua nyusi kwa kuondoa vipande vidogo vya ngozi. Tangu hapo wapasuaji wamekuwa wakilihamisha kovu: juu ya unyusi, katikati ya paji, kwenye mpaka wa nywele, ndani ya nywele, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kupita kwenye vitobo vichache kwa msaada wa kamera nyembamba.

Njia kongwe iliyotawala kwa miongo mingi hukata kutoka juu ya sikio moja hadi jingine, ndani ya nywele, sentimita chache nyuma ya mpaka wa paji. Ngozi yote ya paji hubanduliwa na kushushwa, misuli inayokunja sura hupunguzwa, kisha ngozi huvutwa nyuma na ukanda wake kuondolewa. Kwa kuwa kovu liko mbali na unyusi, nguvu nyingi hupotea njiani: ili unyusi upande milimita 1, huenda ukahitaji kuondoa milimita 1.5 hadi 2 za ngozi ya kichwa. Inainua vizuri na kwa muda mrefu. Lakini paji hurefuka, kwani mpaka wa nywele unarudi nyuma, na tawi la neva linalopeleka hisia kwenye utosi hukatwa. Wagonjwa wengi hubaki na ganzi nyuma ya kovu kwa miezi, wengine kwa maisha, na neva inapojaribu kupona huleta mwasho ambao ukiukuna hausikii kitu.

Mama huyu, hata hivyo, ana jambo ambalo vitabu vingi vya fani hii, vilivyoandikwa kwa kutazama nywele za Wazungu, hulipita haraka. Amesuka kwa kubana tangu utotoni. Mpaka wake wa nywele kwenye paji umerudi nyuma, na kwenye mapanja nywele ni chache na fupi. Kumkata njia ile kongwe ni kumwongezea urefu wa paji ambao tayari anao. Kuna njia iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye paji refu, ambapo kisu hupita palepale nywele zinapoanzia na paji hufupishwa badala ya kurefushwa. Siri yake ni kukata kwa mshazari ili mizizi ya nywele iachwe chini ya kovu na baadaye ichomoze kupitia humo, na hivyo kulificha. Kwa mwenye nywele nyingi hapo mbele ni njia nzuri sana. Kwa mwalimu wetu, nywele za kuchomoza hazipo. Kovu lingekaa wazi kama mstari uliochorwa, na siku akifunga kilemba nyuma kidogo kila mtu ataliona.

Nywele zetu za kipilipili zina tabia nyingine. Mzizi wake haukuzama wima, umepinda ndani ya ngozi. Daktari akikata kwa kufuata mwelekeo wa nywele anaouona nje, anaweza kuikata mizizi chini bila kujua na kuacha ukanda wa upara pande zote za kovu. Mpasuaji aliyezoea kichwa cha Mwafrika hukata polepole, hutazama ncha za mizizi inavyotokea kwenye kidonda, hurekebisha mkono wake, na hachomi kila mshipa unaovuja kwa umeme kwa sababu joto hilo huiua mizizi ya jirani. Ni haki ya mgonjwa kuuliza: makovu ya wagonjwa wako wenye nywele kama zangu yanafananaje baada ya mwaka mmoja? Na aonyeshwe picha.

Njia ya kamera hukata vitobo vitatu hadi vitano, kila kimoja cha sentimita 1.5 hadi 2, nyuma ya mpaka wa nywele. Daktari anapita chini kabisa, kati ya mfupa na utando mgumu unaoushika, anabandua paji lote mpaka ukingo wa tundu la jicho, halafu anaachia ule utando hapo ukingoni. Kuachia huku ndiko kunakofanya kazi. Ngozi haikatwi hata kidogo. Paji zima linateleza juu, kisha linafungwa kwa nyuzi zinazopita kwenye tundu dogo la mfupa, au kwa skrubu, au kwa kishikizo chenye meno kinachoyeyuka chenyewe baadaye. Utando unahitaji wiki kadhaa kujishika upya kwenye mfupa, na kishikizo kazi yake ni kuushikilia kwa muda huo. Makovu ni mafupi, ganzi ni chache. Lakini paji likiwa refu sana, lenye mviringo, au ngozi yake ikiwa nene na nzito, njia hii hupungukiwa nguvu, na unyusi unaweza kurudi chini mapema.

Kwa mwalimu, kilichoshuka ni mkia. Upande wa pua uko sawa. Kuinua paji zima kungeuinua na upande wa ndani, na hapo ndipo hutoka zile sura za mshangao wa kudumu tunazoziona kwa watu maarufu kwenye televisheni. Kosa la sura hizo aghalabu huwa ni kuinuliwa kwa upande wa ndani wa unyusi na kuvutwa mbali nyusi mbili. Mkia ukiinuka peke yake, watu hawajui kilichofanyika. Kwa hiyo daktari anampendekezea njia ya panja: mkato mmoja wa sentimita 3 hadi 4 kila upande, ndani ya nywele, na kwa vile nywele zake za mbele ni chache, mkato unarudishwa nyuma hadi zilipojaa, hata kama kwa kufanya hivyo nguvu ya kuvuta inapungua kidogo.

Upasuaji wenyewe huchukua kama saa moja au zaidi kidogo, kwa sindano ya ganzi na dawa ya kumtuliza, au kwa nusu kaputi akipenda. Chini ya ngozi ya panja kuna tabaka mbili muhimu. Ile ya juu imebeba tawi la neva linaloliamrisha paji kunyanyuka. Ile ya chini ni utando mweupe unaong'aa uliofunika msuli wa kutafunia. Daktari anashuka mpaka aone huo weupe, kisha anasafiri juu yake kuelekea kwenye unyusi, akiiacha neva salama darini. Mpasuaji wa Brazil, Ivo Pitanguy, aliueleza mwaka 1966 mstari ambao wapasuaji wanautumia hadi leo kukadiria inapopita neva hiyo: kutoka nusu sentimita chini ya kile kigudulio cha mbele ya tundu la sikio, hadi sentimita 1.5 juu ya mkia wa unyusi. Karibu na jicho, mshipa mmoja wa damu unaotoka kilindini huwa kama askari wa zamu. Ukiuona, ujue neva iko jirani na upunguze mwendo.

Anapofika kwenye mstari wa mfupa na ukingo wa tundu la jicho, anaachia nyuzinyuzi zilizoushikilia mkia chini. Ukiwa huru, tabaka la juu linavutwa juu na nje, linashonwa kwenye utando mweupe kwa nyuzi imara. Ngozi yenyewe hufungwa bila kuvutwa. Hili la kuvuta tabaka la ndani na si ngozi ni jambo dogo la kusikia lakini ndilo linaloamua kovu litakuwaje, kwa sababu kovu linalovutwa hupanuka na kunenepa.

Na kovu kunenepa ni hofu ya kweli kwetu. Mwalimu huyu alipotobolewa masikio mara ya pili akiwa mtu mzima, ndewe moja ilivimba ikawa goroli. Hiyo ni keloidi: kovu lisilojua mpaka wake, linaloendelea kukua nje ya kidonda kwa miezi na miaka. Watu wenye ngozi nyeusi huzipata zaidi, na hupendelea ndewe, kifua, mabega, taya na kisogo. Kwenye ngozi ya kope ni nadra mno, kwenye paji na mapanja si jambo la kawaida, lakini historia ya mtu mwenyewe na ya ndugu zake ina uzito kuliko kanuni yoyote. Kuwa na keloidi ya sikio si lazima kumzuie; kunabadilisha mazungumzo. Mikato inafanywa michache na mifupi, havutwi mtu ngozi, na kuanzia mwezi wa pili kovu linapapaswa kila linapokuja kuangaliwa. Likianza kuwasha, kuwa gumu na kuinuka, sindano za triamsinoloni huanza wakati huo, kwa kawaida kila baada ya wiki nne hivi. Kusubiri mpaka liwe goroli ni kuipa keloidi nafasi ya kwanza.

Kuna mgonjwa wa pili ambaye hata hizi njia za kujificha hazimfai. Mzee wa miaka 70, mwenye kipara, aliyepooza upande mmoja wa uso miaka kadhaa iliyopita. Mdomo ulipona, paji halikupona. Unyusi wa upande ule umelala juu ya jicho na msuli wa kuuinua hauna uhai, hivyo hakuna wa kumtegemea isipokuwa mshono. Kwake mkato uliokaribia zaidi ndio bora: kipande cha ngozi chenye umbo la jani huondolewa juu tu ya nywele za unyusi, kwa sindano ya ganzi, na unyusi hushonwa kwenye utando wa mfupa ulio nyuma yake. Hapa hakuna nguvu inayopotea njiani. Ukiondoa milimita 8 unapata karibu milimita hizohizo. Kovu hukaa usoni, hilo lisifichwe, ila kwenye ukingo wa unyusi mnene wa mzee na kati ya mikunjo yake hufifia kiasi cha kuridhisha. Nyuzi hutolewa siku ya tano hadi ya saba. Kijana mwenye unyusi mwembamba na paji laini asikubali kukatwa hapo kwa sababu ya urembo tu.

Wapo pia wanaouinua unyusi kupitia mkato uleule wa kope, kwa kuushona kwenye mfupa kutokea ndani. Hakuna kovu jipya, na mabadiliko ni milimita 1 au 2 tu. Naiona kama njia ya kuuzuia unyusi usishuke zaidi wakati wa kupunguza ngozi ya kope, si ya kuupandisha. Botoksi nayo ikichomwa kwenye misuli inayovuta chini inaweza kuuachia mkia kiasi hichohicho kwa miezi mitatu au minne. Lakini ikichomwa ovyo kwenye paji la mtu anayeziinua nyusi zake kutwa ili aone, unaondoa nguzo pekee aliyokuwa nayo. Wapo wanaokuja hospitali na macho yaliyofunikwa nusu, na kisa chake ni sindano ya kuondoa mikunjo waliyochomwa saluni.

Kabla ya siku ya upasuaji mama anafumua nywele, shinikizo lake la damu linadhibitiwa, na dawa zinazofanya damu iwe nyepesi, kama aspirini, zinajadiliwa na daktari aliyeziandika. Asiziache kwa uamuzi wake. Siku mbili tatu za kwanza uso huvimba na damu kuvilia kuzunguka macho, rangi ikishuka mpaka mashavuni. Hulala kichwa kikiwa juu ya mito. Ile hali ya kuvimba pande zote mbili ni ya kutarajiwa. Upande mmoja ukivimba ghafla kuliko mwingine, ukawa mgumu na kuuma sana, hiyo ni damu inayojikusanya ndani, na arudi hospitali usiku huohuo. Jicho likiuma sana au kuona kukififia, vivyo hivyo.

Wiki ya kwanza anaweza kugundua kwamba paji la upande mmoja halipandi. Mara nyingi neva imechoshwa na uvimbe au kuvutwa, na hurudi ndani ya wiki au miezi. Neva iliyokatwa hairudi kirahisi, na hapo ndipo ustadi wa kukaa kwenye ule utando mweupe unapoonekana thamani yake. Nywele zinazozunguka kovu zinaweza kupukutika mwezi wa kwanza na kuota upya baada ya miezi mitatu au minne. Zisipoota baada ya nusu mwaka, mizizi imekufa. Kusuka kwa kubana kusubiri miezi, na kwa kweli kwa mwenye mapanja yaliyokwishapungua ningesema kusiwepo tena kabisa.

Kuhusu mabadiliko yenyewe, kipimo chake ni milimita. Siku ya kumi mkia wa unyusi wa mwalimu uko juu kuliko ilivyotakiwa, naye anatazama kioo kwa wasiwasi. Hilo lilipangwa, kwani tishu hulegea na uvimbe hupungua. Mwezi wa tatu umeshuka kidogo, na kati ya mwezi wa sita na mwaka unakaa. Mtu wa namna yake anaweza kutegemea mkia umepanda kama milimita 3 hadi 5, kope imefunguka upande wa nje, na ile sura ya huzuni imepungua. Tofauti ya milimita 1 kati ya kulia na kushoto inaweza kubaki, hasa kwa kuwa hata kabla hazikuwa sawa. Ndiyo maana picha za awali, zilizopigwa paji likiwa limetulia, ni mali ya mgonjwa kama zilivyo za daktari. Mikunjo ya paji hulainika kidogo kwa sababu paji halina tena kazi ya ziada, lakini haiishi. Mikunjo ya pembeni mwa macho inabaki. Uzee unaendelea, na unyusi utashuka tena pole pole, ila ukianzia juu zaidi.

Ile ngozi iliyobaki kwenye kope haikuguswa siku ya kwanza. Daktari aliiacha kwa makusudi, kwa kuwa hadi unyusi utulie hakuna anayejua ni milimita ngapi zinazidi kweli. Baada ya miezi sita anampima tena mwalimu, paji likiwa limetulia, kuanzia ukingo wa unyusi mpaka nywele za kope. Zikiwa 26, kuna takriban 6 za kupunguza, kwa mkato unaolala kwenye mkunjo wa kope. Zikiwa 21 haguswi, hata akiomba.